Ha ya Mwisho wa Mstari

Watu walimbandika jina la Macho Feni, na jina lenyewe alilipatia kazini. Alikuwa msemaji wa ofisi ya maji, yule mama wa blauzi ya buluu anayetokea kwenye simu za watu kuwaambia bomba gani limepasuka na maji yatarudi lini. Zamani matangazo hayo yalibandikwa ukutani, yakaloa mvua na yakasahaulika. Kisha wakubwa wakaamua yasomwe kwa video. Karatasi ikagandishwa pembeni ya kamera, akaambiwa asome, naye akasoma. Macho yakaenda kushoto, yakarudi kulia, yakaenda tena kushoto, kama feni ya mezani iliyowekwa ipoze sebule nzima.

"Mama, tuko huku!" mtu mmoja aliandika chini ya video.

"Mwacheni," mwingine akajibu, "kuna mtu pembeni kamshikia fimbo."

Mumewe alipoiona alicheka mpaka akaegemea friji. Ndiye aliyelileta lile jina nyumbani. "Macho Feni, chumvi iko wapi?" Mkewe anamrushia kitambaa cha vyombo, binti yao anajifanya hasikii, na maisha yanaendelea.

Halafu mume akafa. Alifia kinyozini, akingoja zamu yake, gazeti likiwa magotini, hata yule kijana aliyekaa kiti cha pili akadhani amesinzia.

Macho Feni hakulia. Hakujikaza, wala hakutaka kuonekana shujaa. Kilio kilikuwa hakipo, basi. Watu walikuja na kumshika mkono: "Pole sana, mama." Naye akajibu kama wote wajibuvyo: "Nimeshapoa." Ila yeye, kila alipolitamka neno hilo, aliona kwamba ndiyo hali yake hasa. Alikuwa amepoa, kama chai iliyosahaulika kwenye sufuria, yenye utando juu.

Kilichomsumbua si huzuni. Kilikuwa kitu kidogo na cha ajabu: alikuwa hajui neno gani linafuata. Anaingia dukani, muuzaji anamtazama, yeye anamtazama muuzaji, na katikati yao hakuna kitu. Binti yake alizoea kuchungulia kutoka nyuma ya bega lake na kusema, "Mama anataka sabuni ya unga." Wifi yake, dada wa marehemu, alikuja kila jioni kulia na kusimulia, kisha kulia tena, na alipofika mahali pa kumwachia mwenzake naye aseme jambo, palibaki kimya mpaka maji ya birika yakachemka.

Aliporudi kazini alimkuta Nguzo ana kitu kipya.

Nguzo ndiye mpiga picha wa ofisi. Kabla ya hapo alikula ujana wake kwenye kiwanda cha uchapaji, akipanga kurasa za magazeti, na jina lake lilitoka huko, kwa sababu alipenda nguzo za maandishi zilizonyooka pande zote mbili kama ukuta uliopigwa plasta. Mtu mnene, mpole, ananukia peremende.

"Dada, karatasi kwaheri," alimwambia, akiifunga simu kwenye stendi ya miguu mitatu. "Kuna programu. Maandishi yanatokea kwenye kioo cha simu, yanapanda yenyewe, na kamera ya mbele inakurekodi wakati huohuo. Unasoma huku unamtazama mtu usoni."

"Mtu gani?"

"Huyu hapa." Akagonga kijitundu cha lenzi juu ya kioo. "Maneno nimeyaweka chini yake kabisa, kwenye ukanda mwembamba. Ukanda ukiwa mpana, jicho linatembea, tunarudi kwenye feni. Sasa sogea nyuma. Nyuma zaidi. Zaidi, dada, pazia haliumi."

"Huku mbali nitaona nini?"

"Nakukuzia herufi. Siri ndiyo hiyo. Ukisimama karibu, hata jicho likisogea kidogo linaonekana. Ukiwa mbali, halionekani limesogea. Na usiyakimbilie maneno yakiwa bado chini. Yangoje yafike kwenye huu mshale."

"Nikichelewa je?"

Nguzo akainua kirimoti kidogo kama kifungo cha koti. "Kasi ninayo mimi. Ukipunguza, napunguza. Wewe ongea tu."

Walijaribu kwanza ile namna nyingine, ambayo programu yenyewe inasikiliza sauti na kusogeza maandishi kadiri mtu anavyosoma. Lakini hiyo waliyoipakua ilikuwa haijui Kiswahili. Macho Feni alisoma salamu yote na maandishi yamesimama kama mgeni mlangoni. Alipofika kwenye neno "pampu" yakashtuka, yakaruka mistari mitatu. Nguzo alicheka peke yake. Wakarudi kwenye kirimoti.

Basi akasimama mbali, akatazama kijitundu, na maneno yakaanza kupanda. Ndugu wateja. Akasema, ndugu wateja. Tunapenda. Akasema, tunapenda. Na hapo, katika kile chumba chenye pazia la kijani na harufu ya zulia lililoloa, akagundua kitu ambacho hakumwambia mtu: hapa, kila neno linalofuata linakuja lenyewe. Hana haja ya kulitafuta. Linapanda, linafika kwenye mshale, analichukua, na jingine liko njiani. Hapakuwa na mahali pengine katika siku yake nzima palipokuwa hivyo.

Video ile watu waliipenda. "Macho Feni kapona!" waliandika. "Leo kanitazama mimi." Mkuu wa mawasiliano, bwana mwembamba ambaye hata akikusifu unahisi kama unaonywa, alisimama mlangoni na kusema, "Hivyo ndivyo. Hivyo hivyo."

Ikawa ndiyo kazi aliyoishikilia. Mwanzoni alifanya kama Nguzo alivyomfundisha: anaisoma taarifa kwa sauti kabla ya kurekodi, pale panaposomeka kama barua ya serikali anapalegeza mpaka pawe maneno ya mtu, na pale pa kuvuta pumzi anaacha mstari mtupu. Baadaye akaacha. Kwa nini aisome mara mbili, wakati maneno yanakuja? Alisimama, yakapanda, akayasema, akaenda zake. Sauti yake ilikuwa ya upole na macho yamenyooka, wala hakuna aliyeweza kujua kwamba ndani hamna mtu anayesikiliza.

Nguzo naye, kila alipoingiza maandishi kwenye simu, mkono wake wa kiwandani ulirudi kazini. Maneno ya Kiswahili ni marefu na ukanda ule ulikuwa mwembamba. Programu ikiachiwa, mstari mmoja unabaki na neno moja fupi, unaofuata unajaa mpaka ukingoni, na mwingine unatoka kama jino lililochomoza. Jambo hilo lilimuwasha. Kwa hiyo alikata mistari yeye mwenyewe, akilivunja neno penye silabi kama walivyofanya gazetini, na vile vistari vya kuunganishia akaviondoa kwa sababu vilichafua nguzo. Ukiitazama kwa mbali ilipendeza kweli.

Siku ya siku, taarifa ilikuwa fupi. Bomba kuu la upande wa chini wa mji lilihitaji kukatwa na kuungwa upya. Wateja wa upande wa chini watakosa maji kuanzia asubuhi ya kesho yake. Wateja wa upande wa juu hawatakatiwa maji, wasiwe na hofu, waendelee kama kawaida.

Kwenye simu, sehemu ile ilisimama hivi:

wa juu ha
watakatiwa
maji

Macho Feni akatazama lenzi. Maneno yakapanda. "Ndugu wateja wa upande wa juu," akasema, na ile silabi iliyobaki mwisho wa mstari ikamtoka pamoja na pumzi, "haa... watakatiwa maji."

Mstari uliofuata ulisema wasiwe na hofu, naye akausema vilevile, kwa upole wake.

"Safi sana," Mkuu alisema alipoitazama, akiwa amesimama, funguo za gari mkononi. "Na hapo uliposhusha pumzi! Umeongea kama mtu. Ipandishwe."

Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyesikia.

Mchana alirudi nyumbani, kwa kuwa siku za video aliruhusiwa kutoka mapema. Alisikia maji kabla hajafika mlangoni. Ndani, wifi yake amejifunga kanga kiunoni, ameviringisha mikono ya gauni, na jiko zima limejaa: ndoo, beseni, sufuria na vifuniko vyake, birika, chupa za soda, bakuli la saladi, jagi la maua bila maua. Binti yao, ambaye shule yake iko huku huku upande wa juu, alikuwa bado na sare, akiburuta pipa la nguo chafu kulipeleka bombani.

"Wifi, afadhali umekuja!" wifi alisema. "Shika hii. Bomba limeanza kulegea. Mtaa mzima wanakinga, unafikiri litaweza?"

"Kwa nini wanakinga?"

Wifi akamtazama. "Unaniuliza mimi?"

"Mama, shuleni tumepangwa foleni na ndoo," binti akasema. "Mwalimu wa zamu ametuonyesha video yako. Akasema msikilizeni mama yenu. Wote wakanigeukia mimi."

"Wa chini ndio wanaokatiwa," Macho Feni akasema. "Sisi huku juu hatukatiwi. Nilisema hawatakatiwa."

"Ulisema tutakatiwa."

"Nilisema hawatakatiwa."

"Mwanangu, mwekee mama yako ajisikilize mwenyewe," wifi akasema.

Binti akafuta mikono kwenye sketi, akatoa simu. Yule mama wa blauzi ya buluu akatokea, akawatazama wote watatu usoni, macho yametulia, akashusha pumzi kama mtu mwenye moyo mzito, akawaambia watakatiwa maji. Kisha akawaambia wasiwe na hofu.

"Umeona?" wifi akasema. Sauti yake ilishuka. "Mimi pale uliposhusha pumzi nilishika kifua. Nikasema, huyo ndiye wifi yangu, leo amerudi. Maana tangu mwenzetu aondoke, nikikutazama machoni sioni mtu. Lakini pale ulinitazama. Ndiyo maana nikakinga mpaka birika."

Macho Feni akaisogelea simu. Alimwambia binti arudishe nyuma. Haa... watakatiwa. Tena. Haa... watakatiwa. Haikuwa pumzi. Ilikuwa silabi. Kitu kidogo kuliko vyote kwenye tangazo, ndicho kilichobeba kila kitu, nacho kilimpita mdomoni kama makombo. Enzi za feni, alifikiri, mtu angejiuliza kama nimesoma sawasawa. Wasingeniamini. Sasa wameniamini.

Bomba la jikoni likakohoa, likatema hewa, likanyamaza.

Aliporudi ofisini, simu ya Mkuu ilikuwa haiishi kuita. Tangi la kilimani, lililotosha upande wa juu wote bila shida, lilikuwa limenyonywa mpaka matope, kwa kuwa kila nyumba ilifungua bomba kwa wakati mmoja. Wale wasiokatiwa maji sasa walikuwa hawana maji. Nguzo amekaa mbele ya kompyuta, amelifungua tangazo, analitazama kwa karibu kwa mara ya kwanza, na peremende imesimama shavuni.

"Ni mimi, dada," alisema. "Nimelikata neno vibaya."

"Na mimi nikalisoma vibaya."

"Na mimi nikalipandisha," Mkuu akasema, ila alilisema haraka, kama mtu anayepita mahali penye harufu, kisha akaendelea. "Sikilizeni. Mafundi wamefungua maji ya akiba, tangi litajaa polepole, lakini litajaa tu kama watu wataacha kukinga. Hawataacha mpaka waambiwe, na wakubwa wameniuliza ni nani atawaambia." Mlangoni alikuwa amesimama dada wa mapokezi, ameshapaka rangi ya midomo, anatazama viatu vyake. "Mama, nakuheshimu. Unarekodi wewe. Mara hii moja. Ikitoka na walakini wowote, huyu binti anashika video moja kwa moja, na wewe nakuhamishia dirisha la malalamiko ya mita."

Dirisha la malalamiko ya mita. Alilijua. Pale watu wanakuja mmoja mmoja, wanakutazama, na hakuna kinachopanda kwenye kioo. Kila mmoja anangoja useme kitu.

Hapo ndipo aliposikia ndani yake kitu kama ganzi inapoanza kuachia mguu, si maumivu bado, ni vile vijisindano tu. Aliogopa. Alishangaa kwamba bado anaweza kuogopa.

"Nipe simu," alimwambia Nguzo. "Niandike mwenyewe."

"Nguzo itapinda."

"Ipinde."

Wakakaa pamoja. Akafuta lile tangazo rasmi la Mkuu lenye "tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza", kwa sababu hakuna mtu anayesema hivyo mdomoni. Akaandika kwa sauti, yaani anasema kwanza, kisha anaandika alichokisema. Kila mstari ukaishia panapoishia pumzi. Neno "hawatakatiwa" halikuenea kwenye ukanda kwa herufi zile kubwa, herufi mbili za mwisho ziliangukia chini. Nguzo akazipunguza herufi kidogo. Likaenea, likasimama peke yake, na pembeni yake pamebaki weupe mtupu.

"Sasa hutaona vizuri kutoka kule nyuma," Nguzo alisema.

"Nitasogea hatua moja mbele."

"Jicho litatembea."

"Hakuna pa kutembea. Neno lenyewe ni moja." Akatafakari. "Hapana, ngoja. Tubadilishe. Siwaambii habari za watu wengine. Nawaambia wao."

Akafuta "hawatakatiwa". Akaandika "hamtakatiwa". Fupi zaidi kwa herufi moja tu, lakini lilikaa vizuri, na Nguzo akaweza kuzikuza tena herufi kidogo. Macho Feni akalisoma tangazo lote kwa sauti, akageuka, akamsomea dada wa mapokezi, na yule dada akaitikia kwa kichwa, akasahau kwamba ni mpinzani.

Kisha akasimama mbele ya pazia. Mkuu akakunja mikono. Nguzo akabonyeza, namba zikahesabu kurudi nyuma kwenye kioo, maneno yakaanza kupanda.

"Ndugu zangu wa upande wa juu. Leo asubuhi niliwaambia jambo ambalo si kweli. Hamtakatiwa maji. Nimekosea kusoma. Hamtakatiwa. Maji yamepungua kwa sababu tumekinga wote pamoja. Tukifunga mabomba sasa hivi, yatarudi. Na ninyi wa chini, kwenu ni kweli, kesho asubuhi yanakatwa, kingeni leo."

Kioo kikawa cheusi. Nguzo akairudisha, wakatazama wote wanne. Macho yamesimama. Kila neno limesikika.

"Imetoka," Mkuu akasema. "Ipandishwe."

"Nirudie," Macho Feni akasema.

"Urudie nini? Haina kosa."

"Haina. Lakini sijaisikia."

"Watu wanamaliza maji, mama."

"Ndiyo. Basi hiyo ipandishwe, waanze kufunga. Mimi narudia."

Mkuu akamtazama Nguzo, Nguzo akatazama juu. Ile ya kwanza ikapandishwa. Mkuu akatoka na simu zake, akiwa tayari ameshamwambia mtu upande wa pili kwamba ndiyo, ni yule yule mama, hapana, hatubadilishi. Dada wa mapokezi akarudi mezani kwake. Macho Feni akabaki mbele ya pazia, na Nguzo, bila kuuliza, akarudisha maandishi mwanzo.

Akasema. Hamtakatiwa likafika kwenye mshale, akalichukua, likapita.

"Tena," alisema.

Nguzo akarudisha. Mara hii aliyapunguza mwendo, mpaka kati ya neno na neno pakawa na nafasi. Macho Feni akatazama kile kijitundu cheusi, kisicho na uso wa mtu yeyote. Ndugu zangu. Alisikia sauti, ya mwanamke, imekauka kidogo. Leo asubuhi. Ilikuwa sauti yake. Niliwaambia jambo ambalo si kweli. Hapo kile kilio kilichokuwa hakipo kikaanza kupanda, bila taarifa, naye akashika ukingo wa meza iliyokuwa kando yake.

Maneno yakapanda, yakafika kwenye mshale, yakapita juu na kutoweka, na yeye hajayasema. Nguzo akayasimamisha kwa kirimoti.

"Nirudishe wapi, dada?"

Macho Feni alikuwa bado ameshika ukingo wa meza, anatazama lenzi.

"Subiri hapo hapo," akasema baadaye. "Usisogeze. Nitasema nikiweza."

Nguzo akaweka kirimoti chini, akavuta kiti, akakaa.